Mtoto wa Miaka 7 na Mzazi Asiye na Kibali Uingereza

Salim: Dada Mwanaidi, wengi wa jamaa zetu walioko Uingereza huamini kwamba mtoto akitimiza miaka 7 nchini humo, mzazi asiye na kibali hawezi tena kuondolewa. Je, ndivyo sheria inavyosema?

Mwanaidi: Sivyo, Kaka Salim. Kifungu cha 117B(6) cha sheria ya uhamiaji ya mwaka 2002 kinamtaka mzazi awe na uhusiano wa kweli wa malezi na mtoto ambaye ni raia, au ambaye ameishi huko miaka 7 mfululizo, na pia ionekane kwamba si jambo la busara kumtarajia mtoto huyo aihame nchi. Mabishano karibu yote huwa juu ya hilo la mwisho.

Salim: Tuelezee kupitia ile kesi ya mama Mtanzania.

Mwanaidi: Anatajwa kwa herufi ZH tu, na Mahakama ya Juu iliamua rufaa yake Februari 2011. Alifika mwaka 1995, akaomba hifadhi mara tatu, mbili kati ya hizo kwa utambulisho wa uongo, na zote zikakataliwa. Lakini alikuwa na watoto wawili, waliozaliwa mwaka 1998 na 2001, ambao walikuwa raia kupitia baba yao na walikuwa wakimwona mara kwa mara hata baada ya wazazi kutengana. Jaji Brenda Hale alisisitiza kwamba maslahi ya mtoto lazima yapewe uzito wa msingi, na kwamba watoto hawapaswi kubebeshwa lawama za mama yao. Rufaa ikakubaliwa.

Salim: Kwa hiyo udanganyifu wa mzazi haudhuru?

Mwanaidi: Humdhuru mzazi mwenyewe, kwa sababu maisha binafsi aliyoyajenga bila kibali hupewa uzito mdogo. Mwaka 2018, katika kesi ya KO wa Nigeria, mahakama hiyo ilithibitisha kwamba makosa ya mzazi hayaingizwi moja kwa moja katika swali la mtoto. Ila iliongeza jambo linalowaumiza wengi: ikiwa wazazi wote wawili hawana kibali, basi mtoto huangaliwa kama mtu ambaye wazazi wake wanaondoka, na kwa kawaida huonekana ni busara afuatane nao. Watoto wa ZH walikuwa na baba aliyekuwa anabaki.

Salim: Familia ya namna hiyo ya pili ifanye nini?

Mwanaidi: Ionyeshe mizizi ya mtoto mwenyewe. Barua ya shule inayosema tu kwamba anahudhuria haisaidii sana. Inayofaa ni ile ya mwalimu anayeeleza kwamba binti wa miaka 13 yumo katika masomo ya mitihani ya taifa, hasomi wala haandiki Kiswahili, na anapata msaada maalumu wa kujifunza ambao ukikatizwa atarudi nyuma.