Barua ya Kifaransa kwa Mtu Aliyewahi Kutufanyia Kazi

Ndugu zangu wafanyabiashara wa Kigoma, hili mmeshanisikia nikilisema, na leo nalirudia. Bado tunawaandikia vijana wetu waliotufanyia kazi, wanaovuka kwenda kutafuta ajira Bujumbura, barua za Kifaransa za kuwapendekeza zinazowafungia milango.

Mtunza stoo wangu wa zamani aliomba kazi kule. Nikamwandikia kwa moyo mweupe: «Elle est pleine de bonne volonté.» Yaani amejaa nia njema; mimi nilikuwa nasema ana moyo wa kazi. Mwajiri akanipigia simu: «Mama, huyu ana kasoro gani?» Nilishtuka. Kumbe ukimsifu mtu kwa bonne volonté peke yake, msomaji wa Kifaransa anaelewa kwamba anajitahidi lakini kazi haimwingii. Ukiandika travail correct ndiyo yaleyale: kazi yake ilipita, basi.

Mtu ataniambia, «Si niandike Kiswahili, watafsiri wenyewe?» Mtafsiri naye ataikuta «nia njema» yako, ataipeleka ilivyo. Kilichokosewa ni kusifu tabia mahali ambapo mwajiri anatafuta kazi iliyofanyika.

Tukakaa na yule binti, nikamuuliza: ulikuwa unafanya nini kila siku? Akataja kupokea mzigo bandarini, kuandika leja, kuhesabu stoo kila mwisho wa mwezi. Tukaandika hayohayo: «Elle gérait seule un stock de 400 articles. Ses inventaires étaient toujours exacts.» Yaani alisimamia peke yake bidhaa za aina 400, na hesabu zake za stoo zilikuwa sahihi siku zote. Hapo hata neno la sifa halihitajiki. Barua ya pili ilipofika, aliitwa kwenye usaili.

Kosa jingine lilikuwa la wakati. Nilikuwa nimeandika «Elle travaille chez nous depuis 2019», wakati alishaondoka. Depuis, yaani tangu, ikiwa na kitenzi cha wakati uliopo inasema bado yuko kwako, na mwajiri atajiuliza nani anadanganya, wewe au yeye. Andika: «Elle a travaillé chez nous de mars 2019 à juin 2023.» Kisha, kama ni kweli, ongeza «Elle nous a quittés libre de tout engagement», kwamba ameondoka bila kifungo chochote cha mkataba kwetu. Mwajiri hulitafuta neno hilo.

Naona mnanionyesha saa. Jinsia, basi: mwanamke aliyeajiriwa ni engagée, mwanamume engagé, msinakili barua ya Juma mkabadilisha jina tu. Na mkifungua kwa «Madame, Monsieur», mrudie maneno hayohayo mwishoni: «Je vous prie d'agréer, Madame, Monsieur, mes salutations distinguées.» Chini weka sahihi na namba ya simu, na wakipiga, pokea.