Tafuta kwanza mtu amekwama wapi: ADKAR kwa mfanyakazi mmoja mmoja

Ndugu wasimamizi, habari za asubuhi, na asanteni kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nizungumzie ADKAR, modeli ya kumsaidia mtu kushika mabadiliko kazini, ambayo jina lake ni herufi za kwanza za Kiingereza za mambo yake matano. Nitashika upande mmoja tu, ule ninaouona ukirukwa mara kwa mara: kujua mfanyakazi fulani amekwama wapi, kabla hujaamua umsaidie vipi.

Modeli hii ilibuniwa na Jeff Hiatt, mwanzilishi wa kampuni ya Prosci. Inasema kuwa mtu hashiki utaratibu mpya mpaka mambo matano yatimie kwake. Kwanza afahamu kwa nini mabadiliko yanafanyika. Kisha awe na utashi wa kuyaingia. Tatu, apate maarifa ya namna ya kufanya. Nne, awe na uwezo wa kufanya kweli, kazini, siku ya kazi. Mwisho aimarishwe asirudi alikotoka. Yanafuatana, na lililo nyuma likipwaya, la mbele halishiki. Ndiyo maana mtu asiyetaka utaratibu mpya anaweza kuhudhuria mafunzo yote, akajibu maswali yote, na kesho yake akaendelea na ule wa zamani.

Tuchukue mfano. Ofisi imeacha fomu za karatasi za kuomba manunuzi. Sasa ombi linaingizwa kwenye kompyuta, linaidhinishwa humo humo, na stoo inaona moja kwa moja kilichoombwa na kilichotoka. Wiki sita baadaye, mtunza stoo bado anapokea karatasi, na jioni anamwomba kijana wa ofisi ya jirani amwingizie. Mkuu wa idara anasema, "Huyu arudishwe kwenye mafunzo." Amesharudishwa mara mbili.

Badala ya kumrudisha mara ya tatu, msimamizi wake anaketi naye na kumpa alama katika kila jambo, kuanzia 1 hadi 5. Mtunza stoo anajipima, msimamizi naye anampima, kisha wanalinganisha. Tuseme wanakubaliana hivi: ufahamu 4, utashi 2, maarifa 4, uwezo 3, uimarishaji 1. Kanuni ni kwamba unasoma kuanzia mwanzo, na jambo la kwanza lenye alama 3 au chini ya hapo ndilo kikwazo chake. Hapo ndipo unapofanyia kazi. Alama ndogo kuliko zote si lazima iwe ndiyo kikwazo. Hapa uimarishaji una 1, lakini hujafika huko. Kikwazo chake ni utashi. Maarifa anayo, na kwa hiyo mafunzo ya tatu yangekuwa kumrudishia anachokijua.

Niweke tahadhari hapa, kwa sababu zoezi hili huharibika kirahisi. Mfanyakazi akiulizwa na bosi wake kama anaelewa sababu za mabadiliko, mara nyingi atajibu ndiyo na kujipa 5. Usiulize kama anaelewa. Mwambie akueleze, kwa maneno yake, nini kilikuwa kinaharibika kwenye utaratibu wa zamani. Akikujibu "wakubwa wameamua", ufahamu wake hauzidi 2, hata kama ameandika 5. Kwenye maarifa na uwezo, mwombe akuonyeshe. Alama bila ushahidi ni adabu tu. Na zisiingie kabisa kwenye tathmini ya utendaji wake. Siku atakapojua zimeingia, hatakuambia ukweli tena.

Turudi kwa mtunza stoo. Utashi mdogo hautibiwi kwa hotuba. Unatibiwa kwa kusikia sababu. Msimamizi anamuuliza ni kitu gani katika utaratibu huu kinamgharimu yeye binafsi, na baada ya kimya kirefu jibu linatoka: zamani, hesabu ikipishana na vitu vilivyopo rafuni, alikuwa na hadi mwisho wa mwezi kutafuta kilichopotea. Sasa tofauti inaonekana kwa wakubwa siku ile ile, kabla hata hajajua imetoka wapi. Si mkaidi. Anaogopa kuonekana mwizi.

Hofu hiyo ni ya haki, na inahitaji uamuzi, maneno matupu hayaiondoi. Kwa mfano, wakubaliane kwamba miezi miwili ya mwanzo tofauti za hesabu zitajadiliwa kati yake na msimamizi kwanza, naye apewe siku tatu za kuchunguza kila moja. Kama msimamizi hana mamlaka hayo, akayaombe juu. Utafiti wa Prosci umeonyesha kwamba watu hupenda kusikia sababu za taasisi kutoka kwa kiongozi wa juu, lakini yanayowagusa wao wenyewe hupenda kuyasikia kwa msimamizi wao wa karibu. Kwa hiyo mazungumzo haya usimwachie mwalimu wa kompyuta wala idara ya utumishi. Ni yako.

Utashi ukipanda, msitegemee kuwa kazi imekwisha. Kikwazo kinasogea mbele. Maarifa yalikuwa 4, yako salama, sasa tunasimama kwenye uwezo. Hapa ndipo wasimamizi wengi huchanganya. Maarifa ni kujua kwamba unafungua ombi, unachagua bidhaa, unaweka idadi, unatuma. Uwezo ni kufanya hivyo huku watu wanne wamesimama dirishani na simu inalia. Mtunza stoo wetu darasani alikuwa sahihi. Stoo anatumia dakika 15 kwa ombi moja, kwa sababu bidhaa zimeandikwa kwenye mfumo kwa majina rasmi, naye anazijua kwa majina ya stoo. Akishindwa kuipata, anarudi kwenye karatasi ili foleni isogee.

Dawa yake iko pale pale dirishani: mtu anayeujua mfumo akae naye saa za msongamano kwa wiki moja, asimshikie kipanya, amjibu tu anapokwama. Saa za kupokea maombi zipunguzwe kwa muda. Na majina ya stoo yaongezwe kwenye mfumo. Mkiliona hilo la mwisho, mtagundua kuwa si tatizo la mtu hata kidogo. Huo ndio mpaka wa ADKAR. Inampima mtu, haipimi ubora wa utaratibu wenyewe. Watumishi wengi wa kitengo kimoja wakikwama mahali pale pale, acha kuwapima na ukague utaratibu.

Kuhusu ufahamu sina mengi kwa mfano huu, kwa kuwa alikuwa nao. Kwa karani anayekaa dawati la pili hadithi inaweza kuwa tofauti kabisa: utashi wote, ila hajui kwa nini, na anaacha nusu ya sehemu za fomu wazi kwa sababu haoni nani anazisoma. Huyo mpeleke mchana mmoja kwa mhasibu anayezitumia, aone.

Inabaki ile 1 ya uimarishaji. Ilitoka wapi? Mtunza stoo alieleza kwamba siku aliyokataa karatasi, mkuu wa idara mwenyewe alileta fomu yenye saini yake na kusema ni haraka. Aliyefuata sheria alionekana msumbufu. Kwa hiyo baada ya uwezo kushika, fomu zilizobaki zikusanywe kutoka kila ofisi, iwekwe njia moja ya dharura ndani ya mfumo, na mkuu wa idara aingize ombi lake mwenyewe, akiwa wa kwanza. Kisha, baada ya mwezi, msimamizi na mtunza stoo waketi tena na karatasi ile ile ya alama.