Barua ya mshika fedha ianze na hesabu ya sanduku

Assalaamu alaykum. Nyinyi washika fedha wa vikundi vya kuweka na kukopa vya Micheweni mnanijua, na nitakalosema mmeshalisikia. Pesa ikipungua sandukuni mnaandika barua ya salamu: dua, pole, kisha "michango haijakamilika, tutalipana karibuni inshallah." Mwanachama afanye nini na barua hiyo?

Chukua kikundi cha mfano. Hisa ni shilingi 1,000, na kila hisa ni muhuri mmoja kitabuni. Mihuri ya vitabu vyote vya wanachama inatoa 2,400,000, na daftari linasema mikopo iliyo nje ni 1,500,000. Basi sandukuni ziwemo 900,000. Zimehesabiwa mbele ya watu, zimo 660,000. Pengo ni 240,000. Mistari hiyo ndiyo mwanzo wa barua, salamu zifupishwe.

Sasa pengo lichambuliwe. 90,000 ni hisa zilizogongwa muhuri kabla ya pesa kuingia, mtu kasema "nitatuma kwa simu kesho," na kesho haijafika. Hizo wanadaiwa wenye vitabu: walete kikao kijacho au mihuri ifutwe. Zilizobaki, 150,000, ni mkopo uliorejeshwa nyumbani kwa mshika fedha siku isiyo ya kikao. Daftari likaandikwa kuwa umelipwa, pesa ikatumika kabla ya kuliona sanduku. Hapo mkopaji hana deni tena. Mdaiwa ni mshika fedha, na barua iseme hivyo.

Najua kuna bibi pale nyuma anasema moyoni, "Nikiandika hivyo nimejivua nguo." Bibi yangu, wameshajua! Wanachohesabu barazani ni laki tano, kwa sababu wewe hujawapa 240,000. Ukinyamaza, hata zile 90,000 zisizo zako utabebeshwa.

Ratiba ya kulipa deni hilo ndiyo inayonikera zaidi. Mnaandika "kila mwisho wa mwezi," kama kwamba sote tuna mishahara ya serikali. Mshika fedha huyu analima mwani. Mwani huvunwa maji ya bamvua, mwezi uandamapo na unapopevuka, kisha uanikwe siku kadhaa, ndipo mnunuzi apime na kulipa. Sasa ukimwekea tarehe 30 na bamvua limepita siku kumi nyuma, pesa imeshaliwa. Andikeni: 50,000 kwenye kikao cha kwanza baada ya mwani wa bamvua kuuzwa, mara tatu, na tarehe ya kila kikao iwekwe kwenye barua. Mvua ikiozesha mwani uanikoni, je? Basi aseme kikaoni kabla ya tarehe, si baada yake, na kikundi ndicho kiisogeze. Na msiongeze faini kwa kila siku anayochelewa. Mtaingia kwenye mabishano ya riba, na deni lenyewe lisahaulike.

Naona mwenyekiti anatazama saa. La mfuko wa jamii, kwa ufupi: msiuguse kuziba pengo, kuna mgonjwa anausubiri. Saini ziwe nne, mshika fedha na washika funguo watatu, maana wao ndio waliofungua sanduku na kuhesabu.