Ukumbi wa Watu 600 na Kisu cha Elfu 50

JUMA: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Leo tulipanga kukagua ukumbi mmoja wa harusi hapa Kampala kwa mambo matano: unaenea watu wangapi, sauti inasikikaje, maegesho, usafi, na zile gharama zinazoibuka mwishoni. Nimeyaandika kwenye karatasi, nimeyapigia mstari. Ila Dada Zai ameingia na bahasha ya risiti, na sura yake siipendi.

ZAITUNI: Karatasi yako iweke chini, kaka. Mnajua Jumamosi tumemwoza binti wa shangazi, na mnajua nani huwa mweka hazina.

JUMA: Kamati gani nchi hii haijawahi kukupa hazina?

ZAITUNI: Basi sikiliza. Jina la ukumbi naliacha. Jioni mshereheshaji anawaita maharusi wakakate keki, tunatazama mezani, hakuna kisu. Mwoka keki kaleta stendi, kaleta na maua ya sukari, kisu kasahau. Namwomba mhudumu wa ukumbi, huyo anakuja mbio na kisu kinachong'aa, utepe mweupe kwenye mpini. Nikasema moyoni, hawa watu wana utu. Jumatatu nakwenda kudai dhamana yetu ya uharibifu, napewa karatasi. Mstari wa nne: kisu cha keki, shilingi 50,000.

JUMA: Mmekinunua?

ZAITUNI: Kukodi! Niliuliza kama naondoka nacho. Meneja akanitazama kama mwizi.

JUMA: Aisee. Basi kuanzia sasa shilingi hatuitumii humu ndani. Kisu 1 ni elfu 50. Ukumbi wenyewe mlikodi kwa visu vingapi?

ZAITUNI: Walituambia milioni 4.

JUMA: Visu 80. Si mbaya kwa Jumamosi.

ZAITUNI: Hiyo ndiyo bei ya mdomoni. Kwenye ankara pale chini kuna maandishi madogo: bei haijajumuisha kodi. VAT ni asilimia 18, kwa hiyo juu ya milioni 4 inaongezeka 720,000.

JUMA: Visu 14 na mpini.

ZAITUNI: Cheka. Kodi ya serikali mimi sigombani nayo. Lakini anayeruhusiwa kutoza VAT ni aliyesajiliwa kuitoza, na huyo lazima akupe risiti ya EFRIS, ule mfumo wa risiti wa mamlaka ya mapato, URA. Risiti yake ina namba yake, ina msimbo wa kuhakiki na kile kimraba cha kupiga picha kwa simu, unaangalia mwenyewe kama ni ya kweli. Nikawaambia: nipeni ya EFRIS, nalipa papo hapo. Wakaanza kuzungumza wao kwa wao. Baadaye kidogo "kodi" ikapungua ikaitwa "ada ya huduma".

JUMA: Hapo nakuunga mkono bila kusita. Mtu akikuongezea asilimia 18 halafu risiti anakuandikia kwa kalamu kwenye kitabu cha dukani, hiyo si kodi. Dai EFRIS kabla hujatoa malipo ya awali, maana ukishatoa, nguvu zote ziko kwake.

ZAITUNI: Tena kuna mafuta ya jenereta. Umeme ulikatika saa mbili usiku. Dizeli, 300,000.

JUMA: Visu 6. Na kwenye mkataba?

ZAITUNI: Mkataba unasema "jenereta ipo".

JUMA: Ipo! Hawakudanganya, ipo. Swali la kuuliza ni mbili: mafuta ya nani, na inawasha nini. Mimi nakodisha tenti na viti, nimeingia kumbi nyingi. Zipo jenereta zinazowasha taa na feni tu. Mpiga muziki akichomeka spika zake, giza. Waambie waiwashe ukiwapo, siku ya kukagua.

ZAITUNI: Twende kwenye watu. Tangazo lao: ukumbi unaenea watu 600. Sisi tulitegemea 450, tukaona tuna nafasi ya kucheza hadi nyuma.

JUMA: 600 wa aina gani? Hapo ndipo watu wanaliwa. Ulipima?

ZAITUNI: Kwa hatua, mara ya kwanza tu nilipofika. Mita 25 kwa 20.

JUMA: Mita za mraba 500. Sawa. Ukipanga viti mistari mistari kama mkutano, kila mtu anahitaji kama robo tatu ya mita ya mraba, 600 wanaingia, kwa kubanana. Lakini harusi si mkutano. Toa jukwaa la maharusi, toa uwanja wa kucheza, meza za bafe na foleni yake, keki, mitambo ya muziki. Toa 130, na hapo sijawa mkali. Zimebaki 370. Meza ya duara ya watu 10 ina kipenyo cha kama mita 1.8. Weka viti, weka na njia ya mama aliyevaa gomesi kupita bila kusukuma mtu, meza moja imekula mita za mraba 11. Gawanya.

ZAITUNI: Meza 33.

JUMA: Watu 330. Tangazo linasema 600, mimi nasema 330, na wote wawili tuna haki, ila kila mmoja anazungumzia mpango wake. Kwa hiyo usimuulize meneja "unaenea wangapi". Muulize meza ngapi za duara jukwaa likiwa limeshawekwa, akuonyeshe na picha ya harusi iliyopita.

ZAITUNI: Ndiyo maana upande wa bwana harusi walikaa kwenye tenti nje. Nayo ya kulipia.

JUMA: Usiseme.

ZAITUNI: Laki 4.

JUMA: Visu 8! Dada, jumla yako tutafungua duka la vyombo. Na ile sauti je? Niliona video, mjomba anahutubia, nasikia "wo wo wo".

ZAITUNI: Paa la mabati bila dari, sakafu ya vigae, madirisha makubwa ya kioo. Neno linatoka, linagonga ukuta, linarudi kukutana na linalofuata.

JUMA: Siku ya kukagua, simama katikati, piga kofi moja la nguvu, unyamaze. Ukilisikia bado linazunguka sekunde mbili, tatu, hotuba hazitasikika. Watu wakijaa inapungua, nguo na miili inameza sauti, vitambaa vya mpambaji navyo vinasaidia kidogo. Lakini haiishi. Na mpiga muziki akiongeza sauti ndiyo anaharibu kabisa. Dawa ni spika ndogo nyingi zilizosogezwa karibu na watu, zikipigwa taratibu. Mbili kubwa za mbele zinawaumiza wakwe masikio, na nyuma bado hawaelewi.

ZAITUNI: Halafu mvua ikanyesha.

JUMA: Kwenye mabati bila dari! Basi.

ZAITUNI: Baba mkwe alitoa shukrani zake zote, hakuna aliyesikia hata moja. Tulipiga makofi alipokaa. Sasa nifike kwenye dhuluma yenyewe. Vinywaji vyetu, tumevinunua wenyewe kwa jumla, tumekuja na barafu yetu kwenye mapipa yetu. Wametutoza elfu 10 kila kreti ya soda na elfu 5 kila katoni ya maji. Kreti 40, katoni 40. 600,000.

JUMA: Visu 12. Na hiyo, samahani, ni haki yao.

ZAITUNI: Rudia?

JUMA: Ni haki yao. Mwenye ukumbi hategemei kodi ya Jumamosi peke yake, anategemea baa yake. Ana friji, ana wahudumu wanaolipwa hadi usiku, glasi zinavunjika, chupa tupu nani anaokota? Ukileta vinywaji vyako umemfungia biashara yake ndani ya nyumba yake. Ada ya vinywaji vya nje ndiyo inayomwezesha kukupa ukumbi kwa visu 80. Akiiondoa, atakutoza 100, na mwenye harusi ndogo ya chai na mandazi atalipa 100 hizo hizo.

ZAITUNI: Basi aseme 100! Mimi nilikuwa na bei za kumbi tatu mezani. Hii tuliichagua kwa sababu ilikuwa ya chini. Ningejua jumla yake, tungekwenda kwingine, kwenye dari na vigae vichache. Bei ya chini iliyotuvuta haikuwa bei. Glasi zao hatukutumia, barafu yao hatukuigusa.

JUMA: Ilikuwa kwenye mkataba?

ZAITUNI: Ukurasa wa tatu: "ada nyingine kwa mujibu wa mwongozo wa ukumbi". Mwongozo uko wapi? Ofisini, kwenye droo.

JUMA: Lakini imeandikwa kuwa upo. Ukaweka saini.

ZAITUNI: Nimesaini karatasi niliyoiona. Ya kwenye droo sikuisaini.

JUMA: Wateja wangu wa tenti wananifanyia hivyo hivyo. Nimewaandikia kwamba usafiri nje ya mji ni juu yao, wakifika siku ya kulipa wanasema hawakuona.

ZAITUNI: Umewaandikia kiasi?

JUMA: Inategemea umbali.

ZAITUNI: Ahaa! Kumbe na wewe una droo.

JUMA: Sina droo, nina lori, na lori linakunywa mafuta. Usinichanganye na watu wa visu.

ZAITUNI: Kiasi kisichoandikwa ni kiasi gani, Juma? Nijibu hilo tu.

JUMA: Ni kiasi ambacho mteja alipaswa kuuliza.

ZAITUNI: Na ni kiasi ambacho mwenye mali alipaswa kusema. Hapo hunitoi.

JUMA: Wala mimi hunitoi. Fundi anatuonyesha saa. Dakika tatu? Mbili! Na bado maegesho na usafi.

ZAITUNI: Na ulikuwa na zile nasaha zako za mwisho, umezipigia mstari.

JUMA: Ziache. Maegesho, haraka: gari moja, pamoja na njia ya kugeuzia, linataka kama mita za mraba 25. Ploti ya futi 50 kwa 100, ile tunayoijua wote, inachukua magari 18 hivi. Harusi yenu ilikuja na magari mangapi?

ZAITUNI: Kama mia.

JUMA: Hizo ni ploti tano na zaidi. Wao walikuwa na?

ZAITUNI: Moja, na nusu yake imekaliwa na tenti niliyolipia.

JUMA: Kwa hiyo magari yakakaa barabarani, na vijana wa kulinda wakadai elfu 5 kila moja.

ZAITUNI: Umejuaje? Na vyoo, Juma, kuna mlango mmoja wa wanawake, watu mia nne, niseme tu kwamba saa moja jioni...

JUMA: Hatuna muda wa vyoo. Usafi unakwenda wiki ijayo.

ZAITUNI: Wiki ijayo ni habari ya ada za shule, ulishawaahidi watu.

JUMA: Basi wiki ya baadaye. Wasikilizaji, kama umetozwa ada ya vinywaji vya nje, tutumie ujumbe useme kama uliambiwa mapema.

ZAITUNI: Swali hilo limepinda. Waulize waliambiwa kiasi.

JUMA: Ukurasa wa tatu, dada.

ZAITUNI: Zima maiki.