Nani Atajibu Barua za Wasomaji?
(Mhadhara kwa waandishi wa habari vijana, Lubumbashi)

Ndugu zangu, jina la mshauri wa gazeti halichaguliwi kwa utamu. Mwaka 1956, Pauline Phillips alipoanza safu yake ya ushauri katika gazeti moja la San Francisco, jina la Abigail alilitoa katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli: ndiye mwanamke aliyemtuliza Daudi kwa maneno ya busara. Kisha akaongeza Van Buren, jina la rais wa zamani wa Marekani. La kwanza linashauri, la pili lina uzito wa ukoo wa zamani.

Sasa tuje kwetu. Tuseme gazeti lenu linasomwa na wasichana wa mitaa yetu ya Katuba, Kenya na Kamalondo. Mmoja anaandika: nina mimba ya miezi mitatu, kijana anasema mahari atapeleka "kesho kutwa", mama hajui. Mkimwita mshauri Mama Fulani, huyo msichana hataandika, maana mama ndiye anayemkimbia. Yaya, yaani dada mkubwa? Atamwonea huruma, lakini mwenyewe bado anahangaika na kijana wake. Mimi ningemchagua nkambo. Kwetu nkambo na mjukuu wana utani wao. Nkambo anaweza kuuliza mambo ya chumbani bila mtu kushtuka. Kwa hiyo jibu litaanza hivi: "Mjukuu wangu, hiyo kesho kutwa ina tarehe? Mwambie mama leo, halafu wazee waende kumwuliza kijana." Mama angeanza na lawama.

Bado jina lenyewe. Mkiandika Nkambo Kazadi, wengi watasikia Kasai, na siku ya barua ya urithi watasema amependelea kwao. Mji huu unajua machungu hayo. Nkambo Subira halina upande. Daktari na Sista viacheni kabisa: hapo mnadai shahada au nadhiri ambayo hakuna mwenye nayo.

Kisha mwandikieni daftari lake: umri, ni mjane au la, anaishi mtaa gani, anachekea nini, na neno gani halitoki kinywani mwake kamwe. Bila daftari, toleo la nne nkambo ataanza kuongea kama mwanafunzi wa chuo kikuu. Mtalijua hilo barua zenyewe zikibadilika: wasomaji wataacha kusimulia, wataanza kubishana. Na barua ya msichana anayepigwa au kubakwa msimpe nkambo ataniane nayo. Ijibiwe kwa sauti ya wahariri, pamoja na mahali pa kweli pa kwenda.

La mwisho ni la mkataba, na vijana hulisahau. Jina la Ann Landers, mshauri mwingine wa gazeti, lilianzishwa Chicago mwaka 1943 na Ruth Crowley. Alipofariki mwaka 1955, Eppie Lederer aliandika kwa jina lilelile. Phillips, aliyekuwa pacha wa Lederer, yeye alihakikisha haki ya jina lake inabaki mkononi mwake. Kwa hiyo kabla ya toleo la kwanza, andikeni: mwandishi akiondoka, Nkambo Subira anabaki na gazeti au anaondoka naye?