IELTS: dakika 60, kazi mbili za kuandika, na ile tabia yetu ya bruyo

Karibuni tena, ndugu zangu wa Bukavu na wa kwingine. Leo weka saa mezani na karatasi mbili, tufanye pamoja.

Sehemu ya kuandika ya IELTS Academic, ule mtihani wa Kiingereza, ina dakika 60. Kazi ya kwanza, mara nyingi kueleza grafu, inataka maneno yasiyopungua 150, ya pili, ambayo ni insha, 250, na ya pili ina uzito mara mbili katika alama. Hakuna atakayekuambia "sasa hamia ya pili". Saa unaigawa mwenyewe: 20 kwa ya kwanza, 40 kwa ya pili.

Kwanza, jipime. Chukua swali la mazoezi, andika dakika 10 bila kusimama, kisha hesabu maneno. Dada mmoja wa Kadutu niliyemfundisha alipata 90, yaani 9 kwa dakika. Kwa mwendo huo, maneno 150 yanakula karibu dakika 17, na 250 karibu 28. Kwa hiyo kwenye kazi ya kwanza anabakiwa na dakika 3 tu za kusoma grafu. Kwenye ya pili anapata 7 za kupanga hoja na 5 za kusahihisha.

Siku ya kwanza ya mazoezi hakufuata hesabu hiyo. Alitazama grafu dakika 9, akaandika maneno 230 akieleza kila mwaka, akashtukia dakika ya 35 imefika. Insha ya pili ilikatikia kwenye maneno 160, bila hitimisho. Maneno 80 ya ziada hayakumpa kitu, yalimla.

Halafu kuna bruyo. Shuleni tumezoeshwa kuandika yote kwenye bruyo, ndipo tunakili safi. Hapa acha! Hakuna muda wa ziada wa kunakili. Bruyo yako iwe mistari mitano: msimamo wako, hoja mbili, mfano kwa kila hoja. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja uendelee.

Sasa tuanze. Tuseme ni saa nne kamili. Juu ya karatasi ya swali andika 4:20, 4:27, 4:55. Ikifika 4:20 na kazi ya kwanza haijaisha, acha mistari mitatu wazi, hamia ya pili. Kabla ya kuhama, hakikisha tu ile sentensi ya picha ya jumla ya grafu imeandikwa. Bila hiyo alama zinashuka. Kwenye kompyuta ni rahisi zaidi, maana saa na idadi ya maneno viko kwenye skrini.

4:27 mpango umeisha, unaandika. Ikifika 4:55 na bado uko katikati ya hoja ya pili, funga sentensi hiyo, andika hitimisho la sentensi mbili. Dakika zitakazobaki, rudi kwenye ile mistari mitatu.