Lifti Chini ya Turubai: Mapato ya Kontrakta Kabla Jengo Halijaisha

Habari za jioni. Nitaanza na lifti mbili. Zilifika saiti moja ya Kasarani mwishoni mwa Novemba, zikiwa bado kwenye masanduku ya mbao, zikafunikwa turubai la bluu kando ya tangi la maji. Kontrakta alikuwa amezilipia shilingi milioni 20. Jengo lenyewe lilikuwa ghorofa ya tatu kati ya nane. Mwezi mmoja baadaye hesabu za mwaka zikafungwa, na mhasibu akaandika kwamba kazi imefika asilimia 46.7. Mhasibu huyo alikuwa mimi.

Mnacheka, lakini sikuitoa hewani. Bei ya mkataba ilikuwa milioni 220, bila VAT. Gharama zote tulizikadiria kuwa milioni 180, lifti zikiwemo, kwa hiyo tulitarajia faida ya milioni 40. Hadi Desemba 31 tulikuwa tumetumia milioni 84. Nikagawanya 84 kwa 180, nikaingiza mapato ya milioni 102.7 na faida ya milioni 18.7. Kikokotoo hakikukosea. Mimi ndiye niliyehesabu kununua kama kujenga.

Tangu Januari 1, 2018 tunafuata IFRS 15, kanuni ya kimataifa ya kuingiza mapato ya mikataba, iliyochukua nafasi ya IAS 11. Inakutaka uingize mapato kadiri kazi inavyosonga pale ambapo jengo ni mali ya mteja huku likiinuka, na kwenye kiwanja chake mwenyewe hilo halina ubishi. Wenzangu mnaojenga kwenye ardhi yenu ili muuze nyumba, someni mkataba wenu kwanza. Huenda mkalazimika kusubiri hadi siku ya kukabidhi funguo.

Gharama ni njia moja ya kupima kazi, na hufaa pale tu inapokwenda sambamba nayo. Lifti imetengenezwa na mtu mwingine, thamani yake ni kubwa, imeshakuwa ya mteja, lakini kuifunga bado sana. Basi itoe pande zote mbili za mgawanyo. Gharama iliyotumika inabaki 64, makadirio yanabaki 160, na kazi imefika asilimia 40. Itoe pia kwenye bei: 220 ukitoa 20 ni 200, na asilimia 40 yake ni 80. Kisha irudishe lifti kwa gharama yake ile ile, 20, bila faida hata shilingi. Mapato ni milioni 100, gharama 84, faida 16. Nilikuwa nimempa mwenye kampuni faida ya milioni 2.7 iliyolala ndani ya masanduku.

Saruji iliyo kwenye storu yako, ambayo bado ni yako, hata gharama ya mkataba haijawa. Hiyo ni bidhaa ghalani. Na ile nguzo mliyomwaga zege ikatoka na matundu, mkaibomoa na kumwaga upya? Gharama ya kosa inaingia kwenye matumizi ya mwaka, lakini haipandishi asilimia. Jengo halikusonga hata inchi.

Sasa cheti cha malipo. Mkadiriaji majenzi, kiuesi wetu, alikuwa ameidhinisha milioni 90 hadi siku hiyo. Wengi huandika 90 kama mapato na kwenda nyumbani. Cheti kinakuambia umdai nani kiasi gani, basi. Mapato ni 100, ankara ni 90, na ile 10 inakaa kwenye mizania kama mali ya mkataba: kazi iliyofanyika ambayo haijaankarishwa. Zamani tungeiita kazi inayoendelea. Angeidhinisha 110, ile 10 ingekuwa deni lako kwa mteja, kwa sababu umechukua pesa kabla ya kazi.

Mama mmoja pale nyuma ameniuliza wakati wa chai: mali ya mkataba ikizidi kukua kila robo mwaka, ni dalili gani? Mama, nenda saiti. Ama kiuesi anachelewa, ama makadirio ya gharama yamebaki ya siku ya tenda huku nondo zimepanda. Makadirio madogo hupandisha asilimia, na asilimia hupandisha mapato ambayo hakuna mtu atakayeyaidhinisha.

Ndivyo ilivyotupata mwaka wa pili. Mhandisi alipokadiria upya, gharama zote zilifika 230 dhidi ya bei ya 220. Bosi akasema, "Hasara ni milioni 10, tuigawe kwa miezi iliyobaki." Haigawiki. Mkataba ukishaonekana utaleta hasara, yote inaandikwa siku hiyo, hata ya ghorofa ambazo hazijajengwa. Na kwa kuwa mwaka uliotangulia vitabu vilionyesha faida ya 16, ilibidi tuifute kwanza, ndipo tuongeze 10. Mwaka ule mkataba huo peke yake ukala milioni 26, na lifti ndiyo kwanza zilikuwa zinafunguliwa masanduku.